Uzi: Mdogo wangu ana dengi, chembe sahani zimeshuka hadi 68. Nimpe juisi ya majani ya mpapai au nisimpe?

Mkazi wa Soweto (mleta uzi), Alhamisi jioni

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Moshi. Mdogo wangu ana miaka 31, ni dereva wa basi la Dar, na mara nyingi analala huko huko. Jumatatu aliamka na homa kali, kichwa kinamgonga nyuma ya macho, mgongo na viungo vinauma mpaka hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Zahanati ya kwanza walipima malaria hakuna, wakamchoma sindano ya diklofenaki, akarudi nyumbani. Jumatano tukaenda hospitali. Wakapima NS1 ikatoka dengi, na kile kipimo kamili cha damu, FBP, kikasoma PLT, yaani chembe sahani, 112, na HCT 41. Leo tumerudia: PLT 68, HCT 43. Daktari kasema kwa sasa hana haja ya kulazwa, anywe maji ya kutosha, panadoli, na kesho arudi kupima tena.

Sasa shangazi kashuka kutoka Kibosho na mfuko mzima wa majani ya mpapai. Keshasaga kwenye blenda. Anataka ampe glasi mbili asubuhi na mbili jioni, anasema kuna mtu Dar chembe sahani zilipanda kwa siku mbili tu. Glasi ya kwanza kamnywesha saa kumi na mbili jioni hii hii kabla sijasema lolote. Wenye uzoefu naombeni msaada.

Chalii wa Ngarenaro

Dengi Moshi? Na baridi yote hii ya mlimani? Hiyo ni malaria, mpimeni tena mahali pengine. Wachaga kwa kupenda magonjwa ya mjini.

Mzee wa Mitidawa

Chalii, mwache mwenzio, mtu analala Dar huyo.

Mleta uzi, majani ya mpapai si uchawi. Malaysia walifanya utafiti, matokeo yakatoka 2013. Wagonjwa 228 wa dengi, wote chembe sahani zao zikiwa 100 au chini, nusu wakapewa juisi ya majani mabichi na nusu hawakupewa. Kufika saa 40 waliokunywa zilikuwa zimepanda zaidi kuliko wenzao. Ila shangazi anazidisha mno. Kule walikamua gramu 50 za majani, wakanywa mara moja kwa siku baada ya kifungua kinywa, siku 3, basi. Glasi nne za majani ya kusaga zitamchoma tumbo.

Mpe, zikishapanda hatari imekwisha. Na zikishuka chini ya 50 usikubali maneno, adai aongezewe chembe sahani mara moja.

Mama wa Njiro

Pole sana kaka. Mimi mama yangu yuko kwenye dawa za saratani na kila akipigwa dozi PLT zinashuka hadi 60 hivi. Kuna kijana anauza hiyo juisi kwenye chupa, tumempa mama wiki mbili. Zinapanda kisha dozi ikija zinashuka tena. Je, tuongeze kipimo? Na yeye anatumia vidonge vya sukari pia.

Tabibu wa Zamu

Nimesoma wote. Mimi ni tabibu, mwaka 2019 nilikuwa Dar dengi ilipofumuka, wodi nzima tulikuwa tunahesabu saa za homa.

Nianze na Chalii. Si kila homa ya Moshi ni malaria. Wagonjwa 870 waliolazwa na homa hapo hapo Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, kati ya 2007 na 2008 walifuatiliwa kwa vipimo vya uhakika. Walioandikiwa kuwa ni malaria walikuwa 528. Wenye malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na leptospira, homa ya Q, chikungunya na mengineyo. Huyu dereva kaumwa na mbu Dar, na mbu wa dengi anauma mchana, kwa hiyo hata chandarua cha usiku hakikumsaidia sana.

Mama wa Njiro, ya mama ni habari nyingine kabisa. Kwake kiwanda cha chembe sahani ndicho kinachopigwa na dawa, si virusi. Utafiti wa dengi haumhusu. Hayo majani yanaweza pia kushusha sukari juu ya vidonge anavyomeza. Simamisha, na mwambie daktari wake wa saratani kwamba amekuwa akinywa, hata kama utaona aibu.

Mleta uzi, sasa wewe. Mzee kasema kweli kuhusu utafiti, lakini kaishia njiani. Utafiti ule ulipima namba ya chembe sahani. Haukuonyesha kwamba waliokunywa walikufa wachache, au walivuja damu kidogo, au mishipa yao iliacha kuvuja mapema. Na wagonjwa waliozidiwa hawakuingizwa. Tena waliokunywa walijua wanakunywa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama majani yanapandisha namba mapema kidogo, nitamwambia huenda. Akiniuliza kama yanaokoa mtu, sina cha kumwonyesha.

Shida kubwa iko hapa. Dengi haiui watu wengi kwa sababu chembe sahani zimeshuka. Inaua kwa sababu mishipa midogo inavuja. Maji ya damu yanatoka ndani ya mishipa, yanaingia tumboni na kifuani, na damu iliyobaki inakuwa nzito kama uji uliosahauliwa jikoni. Uzito huo ndio HCT. Mdogo wako alianza na 41. Chukua 41, ongeza sehemu yake ya tano, unapata 49 na ushee. HCT ikifika hapo huku PLT zikianguka kwa kasi, anavuja, hata kama amekaa anapiga stori. Kesho ukipewa karatasi angalia mstari wa HCT kwanza, ndipo uangalie PLT.

Jambo la pili ni kwamba kuvuja kunaanza homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7, na hudumu saa 24 hadi 48. Leo ni siku ya 4. Familia inaona joto limeondoka, inafurahi, inapunguza macho. Mimi ndio wakati huo nakaza.

Kwa usiku wa leo: parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500, asirudie kabla ya saa 6 kupita, na kwa siku visizidi 8. Mimi kwa dengi napenda viishie 6, kwa kuwa ini nalo huguswa. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, vyote viwekwe mbali, na asichomwe sindano ya msuli tena. Anywe kiasi cha lita mbili na nusu kwa siku, kidogo kidogo: ORS, madafu, uji mwepesi, supu. Maji matupu peke yake hayatoshi. Akojoe angalau kila saa 4 hadi 6. Msimpe rozela wala juisi ya bitiruti, najua mtasema inaongeza damu, lakini akitapika nyekundu hatutajua kama ni rozela au damu.

Na kwa sababu hiyo hiyo sipendi juisi ya shangazi. Ni chungu, watu wengi inawatapisha na kuwauma tumbo. Kutapika mfululizo na maumivu ya tumbo ni dalili mbili kubwa za hatari kwenye dengi. Mgonjwa akitapika kesho, nani atajua ni majani au ni mishipa inavuja?

Mkazi wa Soweto

Asante sana Tabibu. Shangazi ni mtu mzima, ndiye aliyetulea, siwezi kumwambia hivyo usoni. Nimemwomba apunguze iwe robo glasi asubuhi tu kama alivyosema Mzee. Amekubali kwa kununa.

Binti Machame

Mwambie daktari ndiye kakataza, si wewe. Mimi kwa mama mkwe natumia hiyo na huwa haishindwi.

Mzee wa Mitidawa

Tabibu, mnapenda kudharau dawa za wazee mpaka mzungu azitie kwenye kidonge. India wanauza vidonge vya majani hayo hayo na madaktari wanaviandika.

Tabibu wa Zamu

Ni kweli wanaviandika, Mzee, sikukatalii. Kuandikwa sana na kuokoa watu ni mambo mawili. Sijasema majani ni sumu. Nimesema yasichukue nafasi ya ORS tumboni, wala nafasi ya kipimo cha kesho.

Mkazi wa Soweto, Ijumaa saa sita mchana

Wakuu, habari njema kidogo. Homa imeisha! Asubuhi joto 36.8. Shangazi anatamba nyumba nzima. Mdogo wangu alikunywa ile robo saa moja, akatapika kijani, akajaribu ORS akatapika tena, na uji pia haukukaa. Anasema tumbo limejaa na linauma upande wa kulia juu, shangazi anasema ni dawa inasafisha. Amelala sana, ukimwamsha anajibu ila anataka kulala tena. Kukojoa, mara ya mwisho jana usiku. Kwa vile homa imekwisha nafikiri tungoje jioni jua lipungue ndipo twende kupima, maana boda juani atachoka. Au mnaonaje?

Tabibu wa Zamu

Msingoje jioni. Nendeni sasa hivi, kwa gari, si boda, na aende amelala. Kutapika mara tatu, tumbo upande wa ini, usingizi usio wa kawaida, hajakojoa tangu jana, na homa imeshuka siku ya 5. Ukifika usiseme "tumekuja kurudia FBP", utawekwa kwenye foleni ya maabara. Sema "ana dengi, homa imeshuka leo, anatapika na hakojoi". Karatasi zote za PLT na HCT uwe nazo mkononi, ile ya Jumatano hasa, maana bila ile 41 hawajui alianzia wapi.

Na waambie kuhusu majani. Kiasi gani na saa ngapi.

Chalii wa Ngarenaro

Mkuu kimbia. Utani wangu wa jana naufuta.

Mkazi wa Soweto, Ijumaa usiku

Amelazwa. PLT 41, HCT 50. Presha 100 kwa 75, mikono ya baridi. Wakamwekea dripu hapo hapo, wakampiga picha ya altrasaundi, kuna maji kidogo tumboni. Ana kilo 70. Nilimwona muuguzi anahesabu matone na kila baada ya muda anapima presha na mkojo. Saa mbili baadaye wakamtoa damu tena HCT ikawa 46 na dripu wakaipunguza. Nikauliza kwa nini mnapunguza na mtu anaumwa, nikajibiwa "tutamzamisha". Sikuelewa. Naona kama wanabania dripu.

Tabibu wa Zamu

Hawabanii, wanafanya vizuri. HCT 50 kutoka 41, tayari amevuka ule mstari wa 49. Presha nayo, tofauti kati ya 100 na 75 ni 25. Ingefika 20 au chini tungesema yuko kwenye mshtuko, yaani damu haifiki viungoni vya kutosha, hata kama ile ya juu bado inaonekana nzuri. Mlifika kabla.

Dripu ya dengi inaanzwa kwa mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo kwa saa, saa moja au mbili. Kwa kilo 70 ni mililita 350 mpaka 490 kwa saa. Akiitikia unashuka hadi 3 mpaka 5, kisha 2 mpaka 3. Sababu ya kushusha ni kwamba yale maji yaliyovuja hayajapotea, yako tumboni. Kesho kutwa mishipa ikifunga yatarudi yote kwenye damu. Ukiwa umemjaza na ya kwako pia, yanaenda kwenye mapafu na anashindwa kupumua akiwa anapona. Nimeshaona ndugu wanamwongezea mgonjwa kasi ya dripu kwa kidole daktari akigeuka. Msifanye.

Mkazi wa Soweto, Jumamosi mchana

PLT zimeshuka tena, 29. HCT 44. Fizi zilitoa damu kidogo alipopiga mswaki, sasa hakuna. Wajomba wamekuja kutoka Arusha wanne, wote wamekunja mikono ya mashati wachangie, daktari kasema haongezi chembe sahani. Wajomba wamekasirika, wanataka tumhamishe. Mzee wa Mitidawa ulisema chini ya 50 tudai.

Mzee wa Mitidawa

Ndiyo, 29 ni ndogo mno. Mimi ningedai.

Tabibu wa Zamu

Mzee, hapo nakupinga moja kwa moja. Jambo hili lilijaribiwa Singapore na Malaysia, matokeo yakachapishwa 2017. Watu wazima 372 wenye dengi, PLT 20 au chini, hawavuji damu kwa maana. Nusu wakaongezewa chembe sahani, nusu wakaangaliwa tu. Walioongezewa hawakuvuja damu kidogo kuliko wenzao, na wao ndio waliopata madhara zaidi, upele, mzio, na kadhalika. Virusi na kinga ya mwili bado vinaziharibu, unazomwaga leo kesho hazipo. Angekuwa anatapika damu au choo cheusi, hapo daktari angewaita wajomba mwenyewe.

Wajomba wakapime makundi yao ya damu, wakae karibu, wale. Wawe tayari. Kumhamisha mtu aliye katikati ya saa 48 za kuvuja, barabarani hadi Arusha, ndiyo hatari kuliko hiyo 29.

Binti Machame

Wajomba wakiambiwa "wakae karibu, wale" hiyo amri wataitii.

Mkazi wa Soweto, Jumapili usiku

PLT 33. HCT 40. Anakojoa mpaka anachoka kuamka. Amekula ndizi na mchuzi. Ngozi ya miguu imekuwa nyekundu yote na vidoa vyeupe vyeupe, inawasha sana, ila yeye mwenyewe anacheka. Dripu imetolewa.

Tabibu wa Zamu

Wekundu wenye vidoa vyeupe na muwasho ni wa mtu anayepona. Wamefanya vema kutoa dripu, mkojo mwingi maana yake maji yanarudi. Kesho PLT zitaruka.

Mkazi wa Soweto, Jumatatu

PLT 71! Karuhusiwa. Shangazi anasema ni majani yake.

Mzee wa Mitidawa

Na mimi nasema hivyo hivyo. Utafiti ulisema saa 40. Alikunywa Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi. Hesabuni.

Tabibu wa Zamu

Tuhesabu basi. Alhamisi saa kumi na mbili jioni mpaka Jumamosi saa nne asubuhi ndizo saa 40. Jumamosi mchana zilikuwa 29, chini kabisa. Zimepanda Jumapili na Jumatatu, siku ya 7 na ya 8, ambazo ndizo siku zinapopanda kwa karibu kila mgonjwa wa dengi anayepona, aliyekunywa na asiyekunywa. Ndiyo maana hii dawa inasifiwa sana: watu huianza siku ya 4 au ya 5 wakishtuliwa na namba, na siku mbili tatu baadaye namba inapanda kwa ratiba yake.

Lakini nami siwezi kuapa kwamba bila ile glasi zisingefika 25 badala ya 29. Kwa mgonjwa mmoja hilo halijulikani.

Mzee wa Mitidawa

Hapo umesema. Basi tuache hivyo.

Mama wa Njiro

Nimesimamisha ya mama. Daktari wake hakukasirika, aliandika tu kwenye faili. Sukari ilikuwa inashuka asubuhi na hatukujua sababu, sasa tunaangalia.

Mkazi wa Soweto

Swali la mwisho Tabibu. Kwenye karatasi ya kwanza chini ya NS1 kulikuwa na mstari IgG, nao ulionyesha ndiyo. Na 2019 akiwa konda Dar aliwahi kuugua homa ya wiki nzima, wakasema malaria. Mwajiri anataka arudi barabarani Ijumaa.

Tabibu wa Zamu

IgG ni kinga ambayo mwili hubaki nayo baada ya kuugua, na kuonekana mapema hivyo kunanifanya nidhani ile ya 2019 ilikuwa dengi, na hii ni ya pili ya aina nyingine. Aina ziko 4. Ya pili ndiyo yenye tabia ya kuvuja zaidi, kwa hiyo inaoana na alivyoumwa, ingawa kile kipimo cha haraka peke yake hakitoshi kuhitimisha. Kwenye faili lake iandikwe, akipata homa nyingine asianze na diklofenaki ya zahanati.

Ijumaa ni mapema. Uchovu wa dengi unaweza kukaa wiki kadhaa, na basi la abiria halitaki dereva anayesinzia. Arudi kupima PLT na ini kwanza, kisha aombe barua ya mapumziko hapo hapo kliniki, mwajiri ataielewa kuliko maneno yako.

Mkazi wa Soweto

Tunaenda Jumatano. Shangazi anakuja pia, anasema ana maswali ya kumuuliza daktari ana kwa ana. Nitawaletea majibu.

Binti Machame

Daktari ajiandae.